Kukata kipande cha video cha kuonyesha komite bila kugusa video ya kwanza

Majira ya kahawa yakifika ugomvi wa mizani unafika nayo. Siku hizi mutu akiona kilo zake zinapungua, anatoa simu na kupiga video. Ni vizuri. Lakini video ya dakika saba hakuna mutu wa komite atakayeiangalia mpaka mwisho, kwa hiyo inakatwa, na pale kwenye kukata ndipo haki nyingi zinapotea. Ama kipande kinaficha jambo bila kukusudia, ama mwenye simu anakata juu ya video yenyewe na ile ya kwanza haipatikani tena. Ule mwingine akisema "mumekata maneno yangu", hakuna cha kumujibu.

Tutwae mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Mwanachama analeta magunia 12 ya kahawa mbivu kwa mununuzi. Kila gunia lilipimwa kwanza kwa koperative: kilo 41. Kwa mununuzi kuna mizani ya kutundika, yenye sindano na duara la kilo 50. Mutoto wa mwanachama anapiga video ya gunia la kwanza. Video ni ya dakika 6 na sekunde 40. Kwenye 1:30 karani wa mununuzi anasema atatoa kilo moja kwa ajili ya mufuko na maji, na mwanachama anajibu "sawa". Kwenye 2:10 mizani haijabeba kitu, na sindano imelala mistari mitatu nyuma ya sufuri. Kwenye 2:40 gunia linatundikwa, sindano inasimama kwa 38. Kwenye 3:15 karani anaandika 37. Kisha makelele, na kwenye 4:10 mwanachama mwenyewe anatukana. Kwenye 5:20 mutu anatundika bido ya litre 20 iliyojaa maji. Maji ni kilo 20, bido tupu karibu kilo moja, ingepaswa kuwa 21. Sindano inaonyesha 18.

Mbele ya kufikiri kukata, kuna kazi ya kufanya siku ileile. Video ya kwanza, ile iliyo ndani ya simu iliyopiga, haiguswi. Haikatwi, haigeuzwi jina, haifutwi hata kama simu imejaa. Afadhali mufute nyimbo. Mutoe kopi mbili: moja kwa ordinatere ya ofisi kwa njia ya kamba ya USB, nyingine kwa kle USB ambayo sekretere ataifunga ndani ya sanduku. Kama hakuna ordinatere karibu, Bluetooth ama Xender vinapeleka faili kama ilivyo, hata kama Bluetooth inachukua muda. WhatsApp ni jambo lingine. Ukituma video kwa njia ya kawaida, inaikamua: picha inapungua, na habari zilizofichwa ndani ya faili, kama siku na saa ya kupiga, hazifiki zote. Mistari midogo ya mizani inakuwa ukungu, na hapo sindano iko kwa 38 ao 39, nani atajua? Kama WhatsApp ni lazima, mubonyeze alama ya kufungia faili, muchague Document, na mutafute video pale. Kwa njia hiyo inakwenda nzima.

Namna ya kutambua ni nyepesi. Faili iliyotoka kwa kamera ya simu nyingi ina jina kama hili la kwanza. Iliyopita kwa WhatsApp ina WA ndani ya jina, kama hili la pili:

```
VID_20250514_091208.mp4
VID-20250514-WA0003.mp4
```

Muangalie pia uzito wake kwenye habari za faili. Ya kwanza mara nyingi ni mamia ya mega, ile ya WhatsApp ni makumi tu. Na kwa sababu hiyo, mupige kwa kamera ya simu yenyewe, si kwa kamera iliyo ndani ya WhatsApp.

Wenye ordinatere ya Windows wanaweza kuongeza ulinzi mmoja. Kila faili ina alama yake, kama alama ya kidole cha mutu. Mufungue dirisha la cmd pale faili iko, muandike:

```
certutil -hashfile VID_20250514_091208.mp4 SHA256
```

Mashine itatoa mustari wa herufi na tarakimu 64. Muuandike katika kitabu cha mapokeo, pamoja na siku, na watu wawili watie sahihi. Kopi ya faili inatoa mustari uleule, hata ikipewa jina lingine. Lakini faili ikikatwa hata sekunde moja, mustari wote unageuka. Miezi sita ijayo, mutu akisema video imechezewa, munarudia amri ileile mbele yake na munalinganisha na kitabu. Alama hiyo haisemi kama kilichopigwa ni kweli. Inasema tu kwamba faili haijaguswa tangu siku ile ilipoandikwa. Kwa hiyo iandikwe mapema, si siku ya kesi.

Sasa kukata. Tunakata kopi, hatukati ya kwanza. Muweke kopi ndani ya simu nyingine, si ile iliyopiga, ili kidole kisikosee. Katika Google Photos munafungua video, munaingia kwenye kurekebisha, munavuta pembe mbili za mustari wa picha mpaka pale munapotaka, kisha munachagua Enregistrer une copie. Katika simu zingine kuna Enregistrer peke yake, na hiyo inaweza kuandika juu ya faili muliyofungua. Mutafute kila mara neno copie. Mukimaliza, mufungue video ndefu tena: bado ni 6:40? Basi mumefanya vizuri.

Kubonyeza si kazi. Kazi ni kuchagua pa kuanzia. Katika mfano wetu, wengi wangekata kuanzia 2:40: gunia, sindano 38, karani anaandika 37, basi. Sekunde 40, zinawaka moto. Kilo 41 zimekuwa 37, mununuzi ameiba kilo nne! Lakini kipande hicho ni kibaya, hata kama kila picha ndani yake ni ya kweli. Karani atasema mbele ya komite: "Kilo moja tulisikilizana, yeye mwenyewe alisema sawa." Watafungua video ndefu, wataisikia kwenye 1:30, na kuanzia hapo hakuna atakayewaamini juu ya zile kilo tatu ambazo ndizo ugomvi wenyewe. Kwa magunia 12, ni kilo 36 za haki mutakazozipoteza kwa kudai 48.

Kwa hiyo kipande cha kwanza kianze kwenye 1:20, mbele kidogo ya maneno ya karani, kiishe kwenye 3:25, akisha kuandika. Ni dakika 2 na sekunde 5, bila kurukisha hata sekunde moja katikati. Ndani yake komite inasikia mapatano ya kilo moja, inaona sindano nyuma ya sufuri mizani ikiwa tupu, inaona gunia linaning'inia bila kugusa chini wala mukono wa mutu, inaona 38, inaona 37. Kipande cha pili ni bido ya maji, kutoka 5:15 mpaka 6:00. Muviache kuwa faili mbili. Mukiviunganisha kuwa kimoja, mutu atauliza kitu gani mulificha pale kwenye muungano, na ana haki ya kuuliza. Vipande viwili vinasema jambo moja: mizani ile inapungukiwa kilo tatu, ikiwa tupu, ikibeba bido, na ikibeba gunia.

Na lile tusi la 4:10? Halisemi kitu juu ya mizani, kwa hiyo linaweza kubaki nje. Lakini lisifichwe: karatasi ya maelezo iseme lipo. Afadhali komite ilisikie kutoka kwenu kuliko kutoka kwa karani.

Kwenye kipande hakuna kuongeza kitu. Hakuna muziki, hakuna mushale mwekundu, hakuna kuvuta picha karibu. Kama watu wanazungumza Mashi ama Kihavu na mupatanishi hasikii lugha hiyo, tafsiri iandikwe kwenye karatasi, si juu ya picha. Kisha muonyeshe kipande kwa mutu ambaye hakuwa pale. Akiuliza "na mbele ya hapo kulitokea nini?", murudishe mwanzo nyuma kidogo.

Karatasi inayofuatana na vipande haihitaji kuwa ndefu. Katika mfano wetu ingesomeka hivi: "Vipande viwili vimetoka kwa video moja ya 6:40, iliyopigwa tarehe 14 mwezi wa tano, saa tatu na dakika 12 ya asubuhi, kwa simu ya mutoto wa mwanachama. Cha kwanza ni 1:20 mpaka 3:25, cha pili ni 5:15 mpaka 6:00. Kati yao kuna mabishano, na mwanachama anatukana kwenye 4:10. Video nzima iko kwa sekretere, na kila upande unaweza kuiangalia." Chini yake, jina la aliyepiga, la aliyekata, na ule mustari wa alama.

Juu ya saa kuna kitego kimoja. Ordinatere nyingine inaweza kusoma ndani ya faili 07:12 wakati video ilipigwa 09:12. Sababu ni kwamba simu nyingi zinaandika ndani ya video saa ya dunia, UTC, na saa yetu ya mashariki mwa Congo iko mbele yake kwa saa mbili. Muieleze kwenye karatasi. Na kama saa ya simu yenyewe ilikuwa mbaya, muandike tofauti yake, musijaribu kusahihisha faili.

Jambo hili si la kahawa peke yake. Mwaka 2018, katika kesi ya mauaji ya vijijini mbele ya mahakama ya kijeshi huko Bukavu, zilitumiwa picha zilizopigwa kwa aplikasyo iitwayo eyeWitness to Atrocities, iliyotengenezwa ili picha ibaki kama ilivyopigwa na kila anayeishika ajulikane. Koperative haihitaji aplikasyo ile kwa ugomvi wa kilo 36. Kitabu, sahihi mbili na kle iliyofungwa vinatosha kwa komite ya uangalizi, kwa shefu wa grupema, na mara nyingi hata mbele zaidi.

Ikiwa simu iliyopiga imeibiwa na kumebaki kopi ya WhatsApp peke yake, musiseme ni ya kwanza. Muandike kwamba ni kopi ya WhatsApp, nani aliipokea na siku gani, kisha muikate vilevile, kwa kopi yake. Nguvu yake ni ndogo, lakini ikifuatana na kitabu cha kupima cha koperative, risiti ya mununuzi na mutu aliyekuwa pale, bado inasaidia. Video ndefu ibaki kwa sanduku mpaka malipo yatolewe na pande zote mbili zitie sahihi, hata kama kle inatakiwa kwa kazi nyingine.