Hatua za mitosisi

Mitosisi ni mgawanyiko wa kiini cha seli unaotoa viini viwili vyenye kromosomu zilezile za kiini cha awali. Hatua zake nne hukumbukwa kwa maneno yanayoanza kwa herufi zao: Pinda, Mstari, Achana, Tengeneza. Katika ncha ya mzizi wa kitunguu, wenye kromosomu 16 kwa kila seli, michoro huelezwa hivi:

* Profasi: kromosomu zajipinda na kunenepa.
* Metafasi: kromosomu 16 mstarini, katikati ya seli.
* Anafasi: kromatidi zaachana, 16 kila upande.
* Telofasi: utando mpya watengenezwa; viini viwili.

Wanafunzi huchanganya zaidi metafasi na anafasi. Pengo likionekana katikati ya makundi mawili, ni anafasi. Jina lenyewe limebeba neno "nafasi".