Kamba Moja, Vyumba Vingi: Kutenganisha Mzingo na Eneo kwa Vigae, Kamba na Hatua katika Darasa la Nne

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mwalimu wa Hisabati anavyoweza kuwafundisha watoto wenye umri wa takribani miaka kumi dhana za mzingo na eneo kwa kutumia vigae vya sakafuni, kamba na hatua za watoto wenyewe. Hayakusudii kuorodhesha michezo yote iwezekanayo. Yanajikita katika tatizo moja, nalo ni la mtoto anayeamini kwamba mzingo na eneo ni kitu kimoja chenye majina mawili, au kwamba kimoja kikiongezeka ni lazima na kingine kiongezeke.

Imani hiyo si ya watoto peke yao. Proklo, mfafanuzi wa kazi za Euklide aliyeishi katika karne ya 5, alieleza habari za watu waliogawana ardhi na wenzao, wakawaachia vipande vyenye mzingo mrefu, wao wakachukua vyenye mzingo mfupi lakini eneo kubwa zaidi. Juu ya hayo, walisifiwa kwa uadilifu wao. Mtoto anayekariri kanuni ya kujumlisha pande na kanuni ya kuzidisha urefu kwa upana hana kinga dhidi ya udanganyifu wa namna hiyo, kwa kuwa kanuni hizo humwambia afanye nini na tarakimu, si tarakimu hizo zinapima kitu gani.

Maandalizi ya kamba

Vigae vya sakafuni, ambavyo mitaani huitwa pia marumaru, huwa na ukubwa tofauti. Hapa tuchukue kigae chenye upande wa sentimita 30. Kamba inayohitajika kwa kila kikundi cha watoto sita ina urefu wa pande 24 za kigae. Mwalimu anaweza kushawishika kuzidisha 24 kwa sentimita 30, akakata kamba ya mita 7.2. Asifanye hivyo. Kati ya kigae na kigae kuna maungio, na kama maungio yana upana wa milimita 3, kamba hiyo itapungua kwa zaidi ya sentimita 7, yaani karibu robo ya kigae. Watoto watavuta, kamba haitafunga, nao watadhani wamehesabu vibaya. Njia ya uhakika ni kuinyoosha kamba juu ya sakafu yenyewe, kutoka katikati ya mstari mmoja wa maungio hadi mstari wa 24 unaofuata, na kuitia alama kwa kalamu ya wino mzito kila inapovuka mstari. Chumba kikiwa kifupi, ipimwe kwa vipande viwili vya pande 12. Alama zisiwe mafundo, maana kila fundo hula urefu wa kamba. Katika ncha zote mbili ziachwe sentimita 20 za ziada kwa ajili ya kufungia, na fundo la kufungia liangukie mahali ambapo alama ya mwanzo na ya mwisho zinakutana.

Kamba ya katani inafaa kuliko ya nailoni laini ambayo hurefuka ikivutwa. Shule yenye sakafu ya saruji haikosi njia: kadibodi ya mraba wa sentimita 30 na chaki vinatosha kuchora miraba sakafuni au barazani, ingawa kazi hiyo ni vema ifanywe na watoto wenyewe siku moja kabla. Katika shule nyingi chumba chenye vigae ni ofisi ya mwalimu mkuu, na si kila mwalimu mkuu atakubali kuitoa.

Mchezo wa vyumba

Mwalimu anawaambia watoto kwamba kamba ni ukuta wa nyumba, na kila kigae kilichomo ndani ni mahali pa kulala mtu mmoja. Ukuta ni uleule kwa vikundi vyote. Kabla ya kuigusa kamba, kila mtoto anaandika utabiri wake: je, vyumba vyote vitakavyojengwa kwa kamba hii vitalaza watu sawa? Utabiri uandikwe, usisemwe tu, kwa sababu mtoto asiyeandika hujiunga na jibu sahihi mara linapojitokeza, na mwalimu hukosa kujua alikuwa anafikiri nini.

Kisha watoto wanne wanabonyeza pembe kwa kidole mahali ambapo mistari ya maungio inakatana. Wasisimame ndani ya kamba na kuizungusha kwenye vifundo vya miguu, kwa kuwa pembe hulegea na chumba huwa na kona za mviringo. Mtoto wa tano anahesabu vigae vya ndani, wa sita anaandika. Chumba cha vigae 1 kwa 11 kinalaza watu 11. Cha 2 kwa 10 kinalaza 20. Cha 3 kwa 9, 27. Cha 4 kwa 8, 32. Cha 5 kwa 7, 35. Na cha 6 kwa 6, 36. Hapa ndipo mabishano huanza, na mwalimu ayaache yaendelee. Baadhi ya watoto hudai kwamba kikundi kilichopata 11 kimepunguza kamba. Jawabu lao ni kuzihesabu alama za kamba ile upya, mbele ya wote: ni 24.

Kiasi kinachoongezeka nacho kinastahili kutazamwa. Kutoka chumba cha kwanza hadi cha pili watu wameongezeka 9, kisha 7, kisha 5, 3 na mwisho 1. Mtoto wa miaka kumi hawezi kueleza sababu yake kwa alama za aljebra, lakini anaweza kuona kwamba kadiri chumba kinavyokaribia mraba ndivyo faida inavyopungua, na kwamba baada ya mraba hakuna kingine isipokuwa kurudi nyuma: 7 kwa 5 ni chumba kilekile kilichogeuzwa.

Majibu matatu ya swali moja

Kosa lililo gumu kugundua hutokea mtoto anapoombwa apate mzingo bila kamba, kwa kuhesabu vigae. Tuchukue chumba cha 5 kwa 7. Mtoto wa kwanza anahesabu vigae vya ndani vinavyogusa ukuta na kupata 20. Wa pili anahesabu vigae vya nje vinavyozunguka chumba, pamoja na vile vya kwenye kona, na kupata 28. Wa tatu anahesabu pande zinazoguswa na kamba na kupata 24. Wawili wa kwanza wamehesabu kwa uangalifu. Kilichoharibika si hesabu, bali wamehesabu vigae, yaani vipande vya eneo, mahali palipohitaji urefu. Kigae cha kona ya ndani kina pande mbili ukutani lakini kimehesabiwa mara moja, na kona ni nne, hivyo zimepungua 4. Kigae cha kona ya nje hakina upande wowote ukutani lakini kimehesabiwa, hivyo zimezidi 4.

Kwa hiyo mwalimu anaweza kulitambua kosa kwa kuitazama tarakimu tu, mradi amechagua chumba kinachofaa. Chumba cha 4 kwa 6, ambacho walimu wengi hukichagua kwa wepesi wake, hakifai: eneo lake ni 24, na vigae vya nje pamoja na kona navyo ni 24. Mtoto akijibu 24 haijulikani kama amechanganya mzingo na eneo au amezunguka upande wa nje. Vivyo hivyo 3 kwa 10, ambapo vyote viwili ni 30. Vyumba vya 4 kwa 4 na 3 kwa 6 ni vibaya zaidi, kwani eneo na mzingo vina tarakimu moja, na mtoto aliyechanganya hupewa alama ya vema. Vyumba vya 3 kwa 5, 3 kwa 9 na 5 kwa 7 havina kasoro hizo.

Dawa ya kosa hili ni kidole. Mtoto aupitishe mkono wake juu ya kamba, akihesabu kila alama anayoivuka, na kwenye kona asimame aseme "nageuka" kabla ya kuendelea. Neno hilo humfanya akione kigae cha kona kuwa na pande mbili.

Kigae kilichotolewa

Chumba cha 5 kwa 7 kikiwa bado sakafuni, mwalimu anaweka daftari juu ya kigae kimoja cha kona na kutangaza kwamba mahali hapo pamebomoka. Ukuta upite nje yake. Je, kamba itabaki au itapungua? Wengi husema itabaki, kwa kuwa chumba kimekuwa kidogo. Kamba inapopindishwa kufuata ukingo mpya inatosha barabara: watu ni 34, mzingo ni 24 uleule. Kisha daftari lihamishiwe kwenye kigae cha katikati ya upande mmoja. Safari hii watu ni 34 tena, lakini kamba inapungukiwa na pande mbili, kwa maana mzingo sasa ni 26. Eneo limepungua ilhali mzingo umeongezeka. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kama kipindi kinatosha mchezo mmoja tu, uwe huu.

Hatua

Kupima darasa kwa hatua kuje mwisho, kwa sababu hatua huongeza ugumu mpya: kipimo chenyewe hubadilika kutoka mtu hadi mtu. Darasa la mita 9 kwa 6, likipimwa na mtoto mwenye hatua ya sentimita 60, ni hatua 15 kwa 10. Kwa mwenye hatua ya sentimita 50 ni 18 kwa 12. Mizingo yao ni 50 na 60, maeneo ni 150 na 216. Tofauti iliyo ndogo katika mzingo inakuwa kubwa katika eneo. Mtoto ajue hatua yake kwanza kwa kutembea hatua 10 juu ya vigae na kuhesabu vigae alivyovipita. Na aanze na kisigino ukutani bila kuhesabu, "moja" iwe ni mguu unapotua, la sivyo kila upande utazidi hatua moja.

Somo hili lina mahali pake nje ya darasa. Katika sehemu nyingi za Tanzania ekari moja huuzwa kama hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho kinakaribia ekari halisi, ambayo ni takribani mita za mraba 4,047, iwapo hatua ina sentimita 91. Mpimaji mwenye hatua ya sentimita 75 anatoa mita 52.5 kwa kila upande, yaani mita za mraba zipatazo 2,756, na mnunuzi amekosa karibu theluthi ya shamba lake. Akiuziwa kwa "kuzunguka hatua 280", kamba ya kuzunguka ikiwa ileile, anaweza kuoneshwa kipande cha hatua 100 kwa 40: hatua za mraba 4,000 badala ya 4,900. Watoto wa Darasa la Nne waliokwisha kubishana juu ya vyumba vya kamba wanaweza kupewa tatizo hili kwa maneno hayohayo, na swali la kuwauliza ni moja: muuzaji ameongopa katika tarakimu ipi?