Bei ya kilo moja ya gesi ya kupikia

Gesi ya kupikia huuzwa kwa mtungi, lakini kinachoungua jikoni ni kilo. Kwa hiyo bei inayofaa kulinganishwa ni shilingi kwa kila kilo iliyofika kwenye jiko, wala si ile iliyobandikwa ukutani dukani. Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, ila gesi ya mitungi haimo katika orodha hiyo. Bei yake hupangwa na kampuni, mawakala na wenye maduka, na huweza kutofautiana mtaa kwa mtaa. Mnunuzi hana budi kupiga hesabu mwenyewe.

Mitungi inayoonekana zaidi majumbani ni ya kilo 6 na ya kilo 15. Uzito huo ni wa gesi peke yake, bila chuma. Hesabu ya kwanza basi ni nyepesi: bei ya kujaza igawanywe kwa kilo. Bei zinazotumika hapa ni za mfano, zimewekwa ili njia ionekane, na msomaji aweke za dukani kwake. Tuseme mtungi wa kilo 6 hujazwa kwa shilingi 24,000 na wa kilo 15 kwa shilingi 57,000. Kilo moja katika mtungi mdogo inakuwa shilingi 4,000, na katika mtungi mkubwa 3,800. Tofauti ni shilingi 200, na wengi huishia hapo wakiona ni ndogo mno kusumbukia.

Nauli ya kuleta mtungi ndiyo inayoibadilisha picha. Bodaboda anayeleta gesi nyumbani hutoza kwa safari, hatozi kwa kilo. Akichukua shilingi 2,000, kilo 6 zimegharimu 26,000, yaani takribani 4,333 kwa kilo, na kilo 15 zimegharimu 59,000, yaani takribani 3,933. Tofauti imefika shilingi 400, maradufu ya ile ya awali, kwa sababu nauli ileile imegawanywa kwa kilo chache zaidi. Duka linalotangaza kwamba linaleta bure nalo lipimwe kwa hesabu hiyohiyo. Likijaza mtungi mdogo kwa 25,500 hadi mlangoni, lina nafuu ya shilingi 500 kuliko duka la 24,000 lenye nauli ya 2,000, japo bei yake ukutani ni kubwa. Na anayebeba mtungi mwenyewe asisahau kuweka nauli yake ya kwenda na kurudi. Majirani wawili wanaoagiza pamoja, safari ikiwa moja, hugawana nauli na kila mmoja hupunguza shilingi 1,000.

Hesabu hiyo inadhani kwamba kilo 6 ni kilo 6 kweli. Mtungi mtupu una uzito wake, uliogongwa kwenye chuma karibu na mpini au vali, mara nyingi ukiwa na herufi TW au neno TARE. Mitungi ya ukubwa mmoja hailingani uzito wa chuma, na ndiyo maana namba hiyo isomwe kwenye mtungi wenyewe unaochukuliwa, isikisiwe kwa ule uliorudishwa. Mtungi ulioandikwa 7.4 ukijazwa kilo 6 unapaswa kusoma 13.4 kwenye mizani. Ukisoma 12.9, gesi iliyomo ni kilo 5.5, na zile shilingi 26,000 zimenunua kila kilo kwa 4,727. Nusu kilo iliyopungua imeongeza karibu shilingi 394 kwa kilo, karibu sawa na pengo lililokuwapo kati ya mtungi mdogo na mkubwa. Kuchagua duka la bei rahisi bila kupima ni kazi ya nusu. Wauzaji wa rejareja hutakiwa kuwa na mizani dukani, na mteja ana haki ya kuona mtungi wake ukipimwa. Mizani nzuri ya kupimia mizigo humfaa pia anayeletewa nyumbani, mradi apime kabla aliyeuleta hajaondoka. Kuutikisa mtungi au kuunyanyua kwa mkono hakugundui upungufu wa nusu kilo. Upungufu unaojirudia ni jambo la kupeleka Wakala wa Vipimo, pamoja na risiti.

Hapo ndipo kujaza na kubadilisha mtungi hutengana. Watu husema wanakwenda kujaza gesi, lakini dukani wanachofanya ni kubadilishana: mtungi mtupu unabaki, mwingine uliojaa na kufungwa lakiri unachukuliwa. Kujaza kwenyewe hufanyika katika mitambo yenye leseni, mtungi ukiwa juu ya mizani. Kubadilishana kuna faida isiyoandikwa kwenye bei. Kampuni ndiyo inayoukagua mtungi unaporudi, inayotengeneza vali inayovuja na kuuondoa sokoni ule uliochakaa. Lakini kuna hasara moja ndogo: gesi iliyobaki ndani ya mtungi unaorudishwa huenda nao, na hairudishiwi fedha. Anayejaza mtungi wake uleule kwenye mizani, pale huduma hiyo inapotolewa kihalali, hulipia kilo zilizoongezwa tu.

Masalia hayo huwa mengi zaidi kwenye baridi. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani uliobanwa ukawa kimiminika, na butani huchemka karibu na nyuzijoto sifuri. Alfajiri ya Julai huko Njombe au Mbeya, mgandamizo hushuka na moto hufifia ilhali kimiminika bado kipo chini. Mpishi hudhani gesi imekwisha. Zikirudi dukani gramu 300, kilo zilizotumika ni 5.7, na bei ya kila kilo imepanda hadi 4,561. Dawa yake ni kuupima mtungi kabla ya kuurudisha, au kuusubiri mchana, jua likishapanda, na kujaribu tena. Mtungi usiwekwe karibu na moto wala kuinamishwa ili utoe kilichobaki, kwani kimiminika kikiingia kwenye jiko hulipuka kwa mwali mkubwa.

Kuna pia wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani au kwenye kibanda, kwa bei inayoonekana kuwa nafuu. Biashara hiyo imekatazwa, na haina nafasi katika ulinganisho huu. Mtungi wenye usalama huachiwa nafasi ya mvuke, yapata asilimia 15 hadi 20 ya ujazo wake. Ukijazwa hadi juu, joto la mchana hutanua kimiminika na hakuna pa kwenda. Dalili za mtungi wa namna hii ni lakiri iliyokosekana, iliyokatwa au isiyo ya kampuni iliyochorwa kwenye mtungi, na uzito usiokubaliana na namba ya chuma.

Gharama ya tatu, baada ya gesi na nauli, ni ya mtungi wenyewe. Mnunuzi wa mara ya kwanza hulipa mara moja bei inayochanganya vitu viwili: gesi itakayoisha na chuma kitakachobaki. Vitenganishwe. Kama mtungi wa kilo 6 pamoja na gesi yake unauzwa 55,000, na kujaza ni 24,000, basi chuma kimegharimu 31,000. Wa kilo 15 ukiuzwa 120,000, na kujaza ni 57,000, chuma ni 63,000. Fedha hiyo isiingizwe katika bei ya kilo ya mtungi wa kwanza, maana itaifanya ionekane ghali kupita kiasi. Mahali pake ni katika hesabu ya miaka.

Kabla ya kulipa, inafaa kuuliza kama fedha hiyo ni amana inayorudishwa au ni mauzo, na jibu liandikwe kwenye risiti. Amana inayorudishwa kamili ni fedha iliyolala, haijapotea. Isiyorudishwa ni gharama halisi, na kinachobaki ni bei ambayo mtu mwingine atakubali kuununua mtungi huo. Waliopata mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) walipunguziwa gharama hii ya kuanza. Kujaza baada ya hapo kuna bei yake ya sokoni.

Chukua kaya inayotumia kilo 90 kwa mwaka. Kwa mtungi wa kilo 6 itajaza mara 15, na kwa 26,000 kila mara jumla ni 390,000. Kwa mtungi wa kilo 15 itajaza mara 6, kwa 59,000, jumla 354,000. Mtungi mkubwa umeokoa 36,000 kwa mwaka. Kuanza nao, hata hivyo, kunagharimu zaidi. Mtungi mdogo wahitaji kichomeo kinachofungwa juu yake, tuseme 15,000, hivyo chuma na kichomeo ni 46,000. Mkubwa wahitaji regulata na mpira, tuseme 30,000, na jiko la mezani, tuseme 50,000, hivyo jumla ni 143,000. Tofauti ya kuanza ni 97,000, nayo italipwa na ile akiba kwa miaka 2 na miezi 8 hivi. Kaya ambayo tayari ina jiko la mezani ina tofauti ya 47,000 tu, inayorudi kwa muda usiozidi mwaka mmoja na miezi minne.

Kuhama kampuni nako kuna bei yake. Duka la kampuni moja mara nyingi halipokei mtungi wa nyingine, au hupokea kwa nyongeza. Mtungi wa kilo 6 ukibadilishwa kwa nyongeza ya 10,000, gesi hiyo ya kwanza, nauli ikiwa ndani, imegharimu 36,000, yaani 6,000 kwa kilo. Kama kampuni mpya ni nafuu kwa 1,000 kila ujazo, itachukua ujazo 10 kurudisha nyongeza hiyo. Kuhama kwa ajili ya punguzo la wiki moja ni hasara.

Matumizi ya nyumba ndiyo yanayoamua ukubwa wa mtungi. Mtu anayeishi peke yake, akitumia kilo 3 kwa mwezi, angeokoa kwa mtungi mkubwa shilingi 14,400 tu kwa mwaka, na zile 97,000 za kuanzia zingemchukua karibu miaka saba kurudi. Huyo abaki na mtungi wa kilo 6, aulize duka linaloleta bila nauli, na aupime kila unapofika.