Jinsi 4G inavyoumudu mwangwi

Aliyewahi kutazama televisheni ya zamani kwa antena ya nje anakijua kivuli. Mtangazaji yuko katikati ya kioo, na kulia kwake yupo mtangazaji wa pili, aliyefifia, anayechezesha midomo vilevile. Wengi walidhani seti imeharibika. Seti ilikuwa nzima. Kilichoonekana ni safari mbili za wimbi lilelile: la kwanza limetoka mnarani moja kwa moja, la pili limegonga ghorofa au kilima ndipo likafika, limechelewa.

Ucheleweshaji huo uliweza kupimwa kwa rula. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, mstari mmoja wa picha ulichorwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mikrosekunde 52, yaani sehemu 52 za milioni moja za sekunde. Kioo cha inchi 21 kina upana wa karibu sentimita 40. Basi kivuli kilichojitenga kwa sentimita moja kilikuwa kimechelewa mikrosekunde 1.3, na kwa kuwa wimbi la redio hukata mita 300 katika kila mikrosekunde, safari yake ilizidi ile nyingine kwa karibu mita 400.

Jicho hukisamehe kivuli, data haisamehe. Chukua simu iliyopo Kariakoo, inapokea mawasiliano ya 4G kutoka mnara wa jirani. Wimbi moja linafika moja kwa moja, na mwangwi wake, uliogonga jengo refu, unafika baada ya kusafiri mita 600 zaidi. Hiyo ni mikrosekunde 2 ya kuchelewa. Tuseme mnara unatuma data kwa njia ya kawaida, alama moja nyuma ya nyingine, alama milioni 18 kwa sekunde. Kila alama inadumu mikrosekunde 0.056 tu. Mwangwi wa alama ya kwanza unapofika, mnara umekwisha kutuma alama nyingine 36. Simu inajaribu kusoma alama ya 37 huku ya kwanza bado inapiga kelele juu yake. Huo ndio mwingiliano wa alama, na kadiri unavyoongeza kasi ya kutuma ndivyo unavyozidi, kwa sababu alama zinafupika lakini majengo hayasogei.

Kuna dawa ya zamani: kuipa simu hesabu ndefu ya kukadiria mwangwi na kuutoa. Inafanya kazi, ila mwangwi wa alama 36 unadai hesabu nzito kwa kila alama, na betri ndiyo inayolipa. Mwaka 1966, Robert Chang wa Maabara ya Bell huko Marekani alichapisha njia nyingine: badala ya mkondo mmoja wenye mbio, tuma mikondo mingi ya polepole kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye masafa yake. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa OFDM.

Katika 4G yenye mkanda wa megahezi 20, zile alama milioni 18 hugawiwa mawimbi madogo 1,200. Kila wimbi dogo linabaki na alama 15,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo alama moja sasa inadumu mikrosekunde 66.7. Mwangwi wetu wa Kariakoo haujabadilika, ni uleule wa mikrosekunde 2, lakini sasa unachafua asilimia 3 ya mwanzo wa alama badala ya kufunika alama 36 nzima. Data iliyotumwa ni ileile.

Swali linalofuata ni la haki: mawimbi 1,200 yaliyobanana hivyo mbona hayaingiliani? Jibu limo katika umbali kati ya wimbi na wimbi. Katika 4G umbali huo ni kilohezi 15, namba ambayo haikuokotwa. Ndani ya mikrosekunde 66.7, wimbi la kilohezi 15 hukamilisha mzunguko mmoja kamili, la kilohezi 30 hukamilisha miwili, la 45 mitatu, na kuendelea. Simu inapotaka kusoma wimbi fulani, hulizidisha na nakala safi ya wimbi hilo, kisha hujumlisha matokeo kwa muda wote wa alama. Kwa wimbi lenyewe jumla inatoka kubwa. Kwa mawimbi mengine yote, mradi kila moja limekamilisha mizunguko bila kubakiza nusu wala robo, vilima na mabonde hufutana na jumla ni sifuri. Sharti ni hilo moja: mizunguko iwe kamili ndani ya dirisha la kusomea. Likivunjika, kila wimbi linamwagikia jirani zake.

Na mwangwi ndio unaokuja kulivunja.

Mwaka 1971 Weinstein na Ebert walionyesha kwamba mawimbi yote yanaweza kutengenezwa na kusomwa kwa hesabu ya Fourier ndani ya mashine, bila kuhitaji mitambo mia kwa mawimbi mia. Ili kukinga alama isiguswe na mwangwi wa iliyotangulia, waliacha nafasi ya ukimya kati ya alama mbili. Ukimya unasaidia nusu ya kazi: mwangwi wa alama ya jana unafia humo. Lakini mwangwi wa alama ya leo unaanza kwa ukimya huohuo. Dirisha likifunguliwa, nakala iliyochelewa bado haijaanza, na dirisha likifungwa, mkia wake umekatwa. Ndani yake haina mizunguko kamili, na mawimbi yanaanza kumwagikiana.

Mwaka 1980 Peled na Ruiz walipendekeza jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huona ni upotevu. Badala ya ukimya, chukua kipande cha mwisho cha alama, kinakili, kiweke mwanzoni. Hicho ndicho kiambishi awali cha mzunguko. Tuifupishe alama iwe na sampuli nane tu, A hadi H, na kiambishi cha sampuli mbili. Hivi ndivyo simu inavyopokea wimbi la moja kwa moja na mwangwi uliochelewa kwa sampuli moja:

```
wimbi:    G H | A B C D E F G H
mwangwi:  - G | H A B C D E F G
```

Simu inatupa vyote vilivyo kushoto ya ule mstari wa kusimama na kusoma nane za kulia. Angalia mwangwi ulichobaki nacho: H, A, B, C, D, E, F, G. Hakuna sampuli iliyopotea, wala hakuna ya alama iliyotangulia iliyoingia. Ile iliyokuja nayo imo kwenye kile kistari, na kistari kimetupwa. Ni alama ileile, imezungushwa hatua moja. Wimbi lililozungushwa bado lina mizunguko kamili. Limeanzia tu mahali pengine. Ukipanga mwangwi wa pili, uliochelewa kwa sampuli mbili, utaona nao unatoka mzima. Wa sampuli tatu utaingiza herufi ngeni ndani ya dirisha, maana kiambishi kilikuwa na mbili tu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye werevu wote wa jambo hili. Mwangwi haujaondolewa. Umebadilishwa kutoka adui anayechanganya alama kuwa badiliko moja jepesi kwa kila wimbi dogo: limeongezeka nguvu au limepungua, na limesogea kidogo katika mzunguko wake. Mnara hutuma hapa na pale alama ambazo simu inazijua tangu mwanzo, simu inapima zimebadilikaje, kisha inasahihisha kila wimbi kwa namba moja ya hesabu. Kwa mwangwi wetu wa mikrosekunde 2, yatatokea mabonde ya nguvu kila baada ya kilohezi 500, yaani katika kila mawimbi madogo 33 au hivi kuna machache yaliyofifia. Hayo hayaokolewi na kiambishi. Yanaokolewa na misimbo ya kurekebisha makosa, inayotawanya data ili waliofifia wafidiwe na wenye nguvu.

Kiambishi cha kawaida cha 4G kina urefu wa karibu mikrosekunde 4.7, sawa na mita 1,400. Mtu asidhani hiyo ndiyo umbali wa kutoka mnarani. Simu inaweza kuwa kilomita kumi na isione shida. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya njia fupi na njia ndefu. Bei yake inaonekana wazi: bila kiambishi kila wimbi lingebeba alama 15,000 kwa sekunde, nacho kinaziacha 14,000. Kwa mazingira ya miangwi mirefu, kiwango hicho kinaruhusu kiambishi cha mikrosekunde 16.7, kinachomudu tofauti ya kilomita 5, ila alama zinashuka hadi 12,000.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusirefushe alama yenyewe, ili kiambishi kirefu kiwe sehemu ndogo yake? Televisheni ya dijitali hufanya hivyohivyo. Katika DVB-T2, kwenye chaneli ya megahezi 8, mtangazaji anaweza kuchagua alama ya mikrosekunde 896 au ya 3,584. Kiambishi cha mikrosekunde 224, kinachomudu tofauti ya kilomita 67, kinakula sehemu moja ya tano ya muda wote katika alama fupi. Katika alama ndefu kinakula sehemu moja ya 17. Kinga ni ileile, hasara haifanani hata kidogo.

Tatizo ni kwamba alama ikirefushwa mara nne, mawimbi nayo husogeleana mara nne. Katika ile alama ndefu umbali wa wimbi na wimbi ni hezi 279 tu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa huyasogeza masafa ya megahezi 600 kwa hadi hezi 56, sehemu ya tano ya umbali huo, na mizunguko haiwi kamili tena. Antena ya paani haina mbio hizo. Kwa upande wa simu, abiria wa treni ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, husogeza masafa ya megahezi 1,800 kwa hezi 267, na hiyo mbele ya kilohezi 15 haifiki asilimia 2. Ndiyo maana simu haikuiga televisheni.

Haya yanamhusu hata mwenye king'amuzi cha antena. Fungua menyu ya king'amuzi utazame mistari miwili, wa nguvu ya mawimbi na wa ubora wake. Yote miwili ikiwa chini, mawimbi ni hafifu, na kuinua antena au kuweka busta kunaweza kusaidia. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, huenda kuna mwangwi uliozidi urefu wa kiambishi, au mawimbi mengine yanaingilia. Hapo usinunue busta, kwa sababu itakuza mwangwi pamoja na wimbi halali. Zungusha antena taratibu, ukitazama ule mstari wa ubora peke yake.