Jaji hajasoma hukumu, muswada uko bungeni

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu ya Tanzania, Dodoma, akihoji kwa nini Mtanzania hawezi kugombea urais au ubunge mpaka kwanza awe mwanachama wa chama cha siasa. Kesi ikiwa bado haijaamuliwa, tarehe 16 Oktoba 1994 Serikali ilipeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba kuhusu jambo hilohilo. Siku 8 baadaye Jaji Kahwa Lugakingira alisoma hukumu: mgombea binafsi ni halali. Tarehe 2 Desemba Bunge likapitisha muswada, na Januari 1995 Rais akautia saini. Mtikila alikuwa ameshinda mahakamani, lakini nafasi ya kugombea bila chama hakuipata.

Anayetaka kuelewa mgawanyo wa madaraka, au mwanafunzi aliyepewa insha kuhusu mada hiyo, atapata mengi zaidi hapa kuliko katika kukariri kwamba Bunge hutunga sheria, Serikali hutekeleza na Mahakama hutafsiri. Hilo limo katika ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania na halina mgogoro. Mgogoro huanza pale mihimili miwili inapogusa jambo moja kwa wakati mmoja.

Nguvu ya Mahakama katika kesi kama hizi inatoka sehemu mbili. Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kadiri inavyoikiuka. Ibara ya 30(3) inampa mtu anayeona haki yake imevunjwa, au inaelekea kuvunjwa, njia ya kwenda Mahakama Kuu. Kuna kizuizi kimoja ambacho wengi hukisahau: ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali au Bunge muda wa kurekebisha kasoro. Ndivyo ilivyokuwa kwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilivikataa 2016 na kutoa mwaka mmoja, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, na bado miaka ikapita bila Bunge kuvigusa. Jaji hana polisi wala bajeti ya kulisukuma Bunge.

Turudi Dodoma. Lugakingira alikuwa na tatizo gumu, kwa sababu sharti la chama halikuwa katika sheria ya uchaguzi peke yake. Lilikuwa ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge. Katiba hiyohiyo, ibara ya 20(4), inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, na ya 21(1) inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Jaji hakufuta ibara yoyote. Alizisoma pamoja, akaona kwamba panapokuwa na mgongano tafsiri iegemee upande wa haki ya raia, na kwa hiyo mgombea binafsi asimame sambamba na wa chama.

Mabadiliko ya Bunge, yaani Sheria Namba 34 ya 1994, yaliziba tundu hilohilo. Ibara ya 21(1) iliandikwa upya ili haki ya kushiriki iwe chini ya masharti ya ibara za 39, 47 na 67. Jaji angesoma ibara kwa namna gani tena, ikiwa moja imeambiwa waziwazi imnyenyekee mwenzake?

Mtikila alirudi 2005, safari hii Dar es Salaam, akishambulia mabadiliko yenyewe. Mei 2006 majaji watatu, Manento, Massati na Mihayo, wakampa ushindi. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikakaa na majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani. Iliwaita pia marafiki wa mahakama, wakiwemo maprofesa Palamagamba Kabudi na Jwani Mwaikusa. Tarehe 17 Juni 2010 ikatengua hukumu ya 2006.

Insha nzuri hujengwa juu ya sababu za uamuzi huo. Ya kwanza ni kwamba ibara ya 64(5) inazungumzia sheria inayopingana na Katiba, na ibara iliyokwisha kuingizwa katika Katiba haiwezi tena kupimwa kwa Katiba hiyohiyo. Ibara ya 98 inaliruhusu Bunge kubadili masharti yoyote ya Katiba kwa theluthi mbili ya kura, na haikutenga hata ibara moja na kusema hii haiguswi. Ya pili ni kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, hivyo limalizwe na Bunge.

Hoja ya kwanza ni nzito, na mwandishi wa insha asiipite juu juu. Wanaoipinga huleta nadharia ya muundo msingi, iliyopata nguvu India mwaka 1973 katika kesi ya Kesavananda, ambapo majaji 13 waligawanyika 7 kwa 6. Kwa nadharia hiyo Bunge linaweza kurekebisha Katiba, lakini haliwezi kuibomoa. Mahakama ya Rufani iliikataa. Hata Kenya, Mahakama ya Juu ilipoizuia BBI Machi 2022, majaji wengi walisema nadharia hiyo haihitajiki huko, kwani Katiba ya 2010 imeweka ngazi zake za mabadiliko, na baadhi ya mambo lazima yaende kwenye kura ya maoni. Tanzania haina ngazi ya kura ya maoni. Kwa hiyo anayetumia mfano wa Kenya kuitetea hukumu ya Ramadhani anapaswa kueleza kwanza ni kitu gani kinalizuia Bunge la Dodoma.

Hoja ya pili, kwa maoni yangu, ni dhaifu. Kesi gani ya haki ya kupiga kura si ya kisiasa? Siasa ikiwa sababu ya Mahakama kunyamaza, haki zitakazobaki kwenye ulinzi wake ni zile zisizomkera mtu yeyote. Majaji wenyewe hawakuonekana kutulia na matokeo, kwani walimshauri Mwanasheria Mkuu na Bunge wautazame msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo haikubali raia kulazimishwa kuwa mwanachama ili agombee.

Mtikila hakuishia hapo. Alikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ramadhani, aliyekuwa jaji huko, hakukaa kwenye kesi hiyo. Hoja kwamba jambo limo ndani ya Katiba haikuisaidia Serikali kule, maana mahakama ya kimataifa haiipimi sheria kwa Katiba ya nchi. Inapima mwenendo wa nchi kwa mkataba iliousaini yenyewe. Tarehe 14 Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa.

Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi huo, wa 2020 na wa 2025 zote zilifanyika bila mgombea binafsi. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja Arusha, na mwaka mmoja baadaye uondoaji huo ukaanza kufanya kazi. Mtanzania mwenye shauri kama la Mtikila leo analipeleka Mahakama Kuu, na likishindwa Mahakama ya Rufani, hukumu ya majaji saba inamsubiri pale.