Maji Yanayoukaribia Mvuke Bila Kuufikia

Chukua bomba la shaba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 na urefu wa mita 3. Nje limezungukwa na mvuke unaogeuka maji, hivyo ukuta wake hubaki nyuzi 100 mwanzo hadi mwisho. Ndani yanapita maji ya nyuzi 20, kilo 0.1 kila sekunde. Je, yatatoka na joto gani?

Usiangalie joto la maji; angalia pengo lake na ukuta. Mwanzoni ni nyuzi 80. Pengo likiwa kubwa joto huingia kwa kasi, likipungua kasi nayo hupungua. Ndiyo maana kanuni ni hii:

```
T2 = Tw - (Tw - T1) * e^(-hA/mc)
```

Hapa h ni takriban 2,200, eneo A ni mita za mraba 0.188, na mc ni 418. Kipeo kinakaribia 1, kwa hiyo pengo hubaki asilimia 37, yaani karibu nyuzi 30. Maji hutoka na karibu nyuzi 70.

Ongeza mita 3 nyingine: yatafika 89 tu. Na ukiona joto la kutokea linashuka wiki hadi wiki, ilhali mtiririko na mvuke havijabadilika, kagua ukoko wa chokaa ndani ya bomba.