Asilimia 30 Inatoka Wapi?

Michanganuo mingi ya biashara inayofika kwa maofisa mikopo ina sentensi hii: "Mauzo yatakua kwa asilimia 30." Ofisa akiuliza kwa nini 30, mwombaji hana la kujibu. Hapo hesabu zote zinazofuata hupoteza uzito, kwa sababu zimejengwa juu ya namba hiyo.

Tuchukue mfano wa mwoka mikate anayeomba mkopo wa kununua tanuri la pili. Leo anauza mikate 500 kwa siku katika maduka 40, na tanuri lake limefika mwisho wa uwezo. Asilimia 30 ni mikate 150 zaidi. Kwa wastani wake wa mikate 12 na nusu kwa kila duka, anahitaji maduka mapya 12. Sasa kuna jambo la kuthibitisha: orodha ya maduka hayo, yalipo, na daftari linaloonyesha waliowahi kuomba mikate wakaikosa. Daftari hilo lilingane na taarifa ya benki au ya simu, ofisa atavilinganisha.

Kisha aonyeshe ukuaji mwezi kwa mwezi. Tanuri likichukua miezi mitatu kufika na kufungwa, miezi hiyo haina mauzo mapya. Akiongeza maduka manne kila mwezi kuanzia mwezi wa nne, atafikia mikate 150 ya ziada mwezi wa sita. Ukigawanya nyongeza yote kwa miezi 12, wastani ni mikate 100 kwa siku. Kwa hiyo mauzo ya mwaka wa kwanza yatapanda kwa asilimia 20. Ile 30 itaonekana kamili mwaka wa pili. Anayeandika 30 tangu Januari amejikopesha mauzo ambayo bado hayapo, na marejesho yatamkuta mikono mitupu.

Mwisho, apime makisio yakipungua. Tuseme kila mkate unaacha shilingi 200 baada ya unga, hamira, nishati na usafirishaji, na anaoka siku 26 kwa mwezi. Maduka 12 yataleta 780,000 kwa mwezi, na rejesho ni 600,000. Yakipatikana manane tu, ataingiza 520,000, pungufu ya 80,000. Aandike wazi fedha hiyo itatoka wapi: kama faida ya sasa, baada ya kodi ya pango, mishahara na matumizi ya nyumbani, ni 400,000 kwa mwezi, pengo linazibika. Na kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza haina kipato kipya, aombe marejesho yaanze mwezi wa nne.

Mchanganuo wa namna hii una namba ndogo kuliko ule wa kwanza, lakini kila namba ina chanzo ambacho ofisa anaweza kukikagua mwenyewe: daftari, duka, au uwezo wa tanuri.